Rais akikataa kutia saini: wapi mahakama ina kauli, wapi haina

Kuna swali ambalo halikosi barazani kila Rais anapofanya uteuzi wenye utata au anapokataa kufanya uteuzi unaongojewa. Mmoja atasema, "Yule ni Rais, nani atamwuliza?" Mwingine atajibu, "Kuna mahakama." Wa kwanza atacheka, na mazungumzo yatahamia kwenye bei ya samaki. Leo nataka kulikalia swali hili mpaka lieleweke, kwa sababu jibu lake si ndiyo wala si la. Jibu lategemea ni nguvu gani ya Rais tunayoizungumzia, na nguvu hiyo imetoka wapi.

Tuanze na kitu ambacho kila nyumba ya Pwani yakijua: pasipoti.

Mwaka 1983 Mkenya mmoja aliyenyimwa pasipoti alikwenda Mahakama Kuu akaomba maafisa waamriwe kumpa. Alishindwa. Hoja iliyomshinda yafaa kuijua vyema. Hakukuwa na sheria ya Bunge iliyosema mwananchi ana haki ya pasipoti, wala iliyomlazimisha afisa yeyote kuitoa. Kwa hivyo, kutoa au kunyang'anya pasipoti kulihesabiwa kuwa nguvu ya pekee ya mkuu wa nchi, nguvu iliyokuwa ya Mfalme wa Uingereza na ikarithiwa na Rais baada ya uhuru. Mahakama ikaona haina la kumwamrisha mtu hapo. Huo ndio uliokuwa msimamo wetu kwa miaka mingi. Wapwani wa umri wangu wamkumbuka Sheikh Khalid Balala, ambaye katika miaka ya tisini serikali ilikataa kumwongezea muda pasipoti akiwa Ujerumani, akabaki huko hadi 1997. Mtu aweza kukubaliana na siasa zake au asikubaliane nazo. Lakini kisheria, karatasi ile ilihesabiwa kuwa hisani ya mkubwa, na hisani haidaiwi.

Nguvu ya aina hii Waingereza waliirithi kutoka kwa wafalme wao. Zamani mfalme alitangaza vita, akafanya mikataba, akasamehe wafungwa, akavunja Bunge na akatoa vyeo bila kuomba ruhusa kwa mtu. Bunge lilivyozidi kupata nguvu, lilimpunguzia mfalme moja baada ya nyingine kwa kutunga sheria. Zilizobaki bila kutungiwa sheria ndizo zilizoitwa nguvu za pekee za mfalme, ingawa siku hizi anayezitumia hasa ni Waziri Mkuu na mawaziri wake. Kanuni ya mahakama za Kiingereza ilikuwa hii: jaji aweza kuuliza kama nguvu hiyo ipo, na inafika wapi. Lakini ikithibitika kwamba ipo, jaji haulizi imetumiwaje. Yaani mahakama ilipima mipaka ya shamba, haikuingia ndani kutazama mkulima alima nini.

Kanuni hiyo ilivunjika mwaka 1984. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa imewapiga marufuku wafanyakazi wa kituo cha kunasa mawasiliano ya siri, kilichoko Cheltenham, wasiwe wanachama wa chama cha wafanyakazi. Uamuzi ulifanywa bila kuwashauri wafanyakazi, ingawa desturi ya miaka mingi ilikuwa kwamba wakishauriwa kabla ya kubadilishiwa masharti ya kazi. Nguvu iliyotumika ilitokana na ile ile ya mfalme, si sheria ya Bunge. Kesi ilipofika kwa majaji wakuu wa Baraza la Malodi, wengi wao walisema kwamba chanzo cha nguvu hakimzuii jaji kuingia tena. Ikiwa uamuzi wagusa haki au matarajio halali ya mtu, hakuna sababu ya kuupima kwa mizani tofauti eti kwa kuwa nguvu yake yatoka kwa mfalme na si kwa Bunge. Cha kutazamwa ni jambo lenyewe: je, ni la aina ambayo jaji aweza kulipima?

Wakataja yale wasiyoweza kuyapima: kufanya mikataba na nchi za nje, ulinzi wa taifa, msamaha kwa wafungwa, kutoa nishani, kuvunja Bunge na kuteua mawaziri. Na hao wafanyakazi? Walishindwa pamoja na hayo yote. Serikali ilidai kwamba ingeliwashauri ingelihatarisha usalama wa taifa, na majaji wakasema usalama wa taifa ni kazi ya serikali kuupima. Ndivyo ilivyo mara nyingi katika kesi hizi: mlango wafunguliwa, lakini aliyeubisha haingii yeye.

Walakini waliokuja nyuma waliingia. Miaka michache baadaye mahakama ya Uingereza ilisema kunyimwa pasipoti kwaweza kupimwa na jaji, kwa kuwa ni jambo la kiutawala linalomgusa mtu mmoja mmoja, halina siasa ya juu ndani yake. Mwaka 1993 ikasema hata msamaha waweza kuguswa, katika kesi ya Derek Bentley aliyenyongwa 1953. Waziri alikuwa amekataa kumpa msamaha baada ya kifo, na mahakama ikaona alikosea kwa kudhani kwamba msamaha ni wa aina moja tu. Na mwezi Septemba 2019 majaji 11 wa Mahakama ya Juu ya huko walisema kwa sauti moja kwamba hatua ya Boris Johnson ya kusimamisha Bunge kwa wiki tano haikuwa halali. Ile orodha ya yasiyoguswa yaendelea kupungua.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Kenya ilifika mahali pengine kabisa, kwa njia nyingine.

Waingereza hawana katiba iliyoandikwa katika kitabu kimoja, ndiyo maana majaji wao hulazimika kuchimba historia ya wafalme. Katiba yetu ya 2010 ilikata mizizi hiyo. Kifungu cha 129 chasema mamlaka ya utendaji yatoka kwa wananchi na yatumike kwa mujibu wa Katiba. Maana yake, Rais wa Kenya hana nguvu aliyoirithi kwa mfalme yeyote. Alicho nacho ni kile alichoandikiwa. Pasipoti yenyewe iliandikwa katika Kifungu cha 12 kuwa haki ya kila raia, na hata kabla ya hapo, mwaka 2007, Mahakama Kuu ilikuwa imeshaachana na mawazo ya 1983. Hisani ikageuka deni. (Kwamba bado kijana wa Lamu au Majengo huambiwa alete cheti cha babu yake ni kisa kingine, lakini siku hizi kisa hicho chaweza kufikishwa kwa jaji.)

Na Kifungu cha 165 chaipa Mahakama Kuu kazi ya kuamua kama jambo lolote linalodaiwa kufanywa kwa mamlaka ya Katiba lapingana na Katiba hiyo. Neno ni "lolote", halikumtoa Rais. Kwa hivyo swali la Kenya si kama nguvu za Rais zapimwa. Swali ni kipimo gani kitumike, na kipimo hicho hutokana na maneno ya kifungu chenyewe. Kesi ya majaji 41 ndiyo inayoonyesha hili wazi zaidi kuliko nyingine yoyote, na kwetu sisi haikuwa kesi ya wakubwa peke yao.

Mwezi Julai 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilimaliza kuwahoji waombaji na ikampelekea Rais Uhuru Kenyatta majina 41. Kumi na moja yalikuwa ya Mahakama ya Rufani, kumi ya mahakama ya kesi za kazi, na 20, karibu nusu, yalikuwa ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Yeyote aliye na kesi ya shamba kuanzia Kwale mpaka Lamu ajua maana ya majaji 20 wa ardhi kutokuwepo. Kesi huahirishwa, na anayekaa juu ya ardhi huendelea kukaa huku shauri likisubiri jaji.

Rais hakuwateua. Serikali ilisema kuna ripoti za kijasusi zinazotilia shaka uadilifu wa baadhi yao. Wakili mmoja akaenda Mahakama Kuu, na mnamo Februari 6, 2020 majaji watatu wakatoa uamuzi.

Kifungu cha 166 chasema Rais atawateua Jaji Mkuu na naibu wake kwa mujibu wa pendekezo la Tume na baada ya kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Majaji wengine wote atawateua kwa mujibu wa pendekezo la Tume. Basi, hapo sentensi yaisha. Haikusemwa "anaweza kuteua", wala "baada ya kushauriana", wala "akiridhika". Mahali ambapo Katiba yataka Rais achague, yampa nafasi ya kuchagua, kama vile mawaziri, ambao huwataja mwenyewe kisha Bunge likaidhinisha. Hapa haikumpa. Kwa hivyo mahakama ikasema kazi ya Rais katika uteuzi wa majaji ni kukamilisha tu. Hawezi kuyapitia upya majina, kuyakataa wala kuyapunguza, na kuchelewa kwake kulikuwa kinyume cha Katiba.

Na zile ripoti za kijasusi? Swali hili ni la haki, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili atakaye jaji mla rushwa. Jibu ni kwamba lina mahali pake na wakati wake. Mwanasheria Mkuu ni mjumbe wa ile Tume, na Rais huteua wajumbe wawili wanaowakilisha umma kwa idhini ya Bunge. Serikali imeketi ndani ya chumba majina yakijadiliwa. Mwenye habari mbaya juu ya mwombaji aziweke mezani pale, ili mwombaji ajibu. Zikijulikana baadaye, Kifungu cha 168 chaeleza namna ya kumwondoa jaji: malalamiko kwa Tume, kisha baraza la uchunguzi. Kile ambacho Katiba haikuweka ni hatua ya tatu, ya mtu mmoja kusoma faili peke yake na kukata majina bila mwenye jina kusikilizwa.

Kulikuwa na hoja nyingine ya serikali ambayo husikika sana mitaani: Katiba haikutaja siku, kwa hivyo Rais ana wakati wote. Hoja hii yasahau Kifungu cha 259, kinachosema pasipotajwa muda, jambo lifanywe bila kuchelewa kusiko na sababu. Kutokuwepo kwa tarehe si ruhusa ya kungoja milele.

Uamuzi ukatoka, basi, na majaji hawakuteuliwa. Hapa ndipo wengi wetu tulipovunjika moyo, na kwa haki. Mwaka 2020 ukapita wote. Mwezi Novemba mmoja wa wale 41 akafariki katika ajali ya barabarani, akiwa bado hakuapishwa. Mnamo Juni 3, 2021 Rais akateua 34. Akabakisha sita: George Odunga, Aggrey Muchelule, Joel Ngugi na Weldon Korir, waliokuwa wakienda Mahakama ya Rufani, na Evans Makori na Judith Omange wa Mahakama ya Ardhi. Wanne wa kwanza walikuwa tayari majaji wa Mahakama Kuu, wakihukumu kila siku. Kama uadilifu wao ulikuwa na kasoro ya kuwazuia kupanda cheo, walikuwa wakifanya nini katika kiti walichokuwa nacho? Sikuwahi kusikia jibu la kuridhisha. Odunga na Ngugi walikuwa miongoni mwa majaji watano waliobatilisha mpango wa kubadilisha Katiba wa BBI mwezi mmoja kabla, Mei 13. Hata hivyo majina yao yalikuwa yamekwama tangu 2019, kwa hivyo nisingependa kudai kwamba kesi ile ndiyo iliyowaponza.

Kesi ya pili ikaletwa na shirika la Katiba Institute. Mnamo Oktoba 21, 2021 Mahakama Kuu ilirudia kwamba Rais hawezi kuchagua baadhi na kuacha baadhi, na safari hii ikaongeza meno. Ikampa siku 14. Zikipita, ikasema, itahesabiwa kwamba nguvu yake juu ya sita hao imekwisha, na Jaji Mkuu pamoja na Tume wachukue hatua za kuwaapisha. Siku 14 zikapita. Hakuna aliyeapishwa. Waliapishwa mnamo Septemba 14, 2022, siku moja baada ya William Ruto kushika madaraka na kutia saini uteuzi wao. Tangu Tume ipendekeze, ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi miwili.

Je, basi uamuzi wa 2020 ulikuwa karatasi tu? Sidhani, lakini nakubali ulikuwa dhaifu kuliko tulivyotaka. Udhaifu wenyewe una sababu yake katika sheria. Mtu wa kawaida akipuuza amri ya mahakama aweza kufungwa kwa kuidharau. Rais aliye madarakani hawezi. Kifungu cha 143 chamkinga na mashtaka ya jinai, na pia na kesi za madai kuhusu yale anayofanya au asiyofanya chini ya Katiba akiwa ofisini. Mwezi Machi 2022, katika kesi ile ya BBI, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba kinga hii yamzuia mtu kumshtaki Rais mwenyewe kwa mambo hayo. Ndiyo maana katika kesi hizi zote utaona anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu. Kinachopimwa ni kitendo, mwenye kitendo haguswi. Mahakama yaweza kusema uteuzi fulani ni batili, na ubatili huo hufanya kazi wenyewe: aliyeteuliwa hapati mshahara halali, hati aliyotia saini haina nguvu. Mwezi Julai 2023 manaibu 50 wa mawaziri walipoteza vyeo namna hiyo. Lakini kumlazimisha mtu kushika kalamu ni jambo jingine. Kubatilisha alichofanya Rais ni kwepesi kuliko kumfanyisha asichotaka, na mwenye kuandaa kesi yafaa alijue hilo kabla hajaenda kwa wakili. Dawa ya mwisho ya Rais asiyetii ni kuondolewa na Bunge, na Bunge, twajua, lina hesabu zake.

Kuna nguvu nyingine mbili ambazo watu hudhani haziguswi kabisa.

Ya kwanza ni msamaha. Katika katiba ya zamani Rais alisamehe apendavyo. Kifungu cha 133 sasa chasema atatumia nguvu hiyo mtu akileta ombi, na kwa mujibu wa ushauri wa kamati maalumu. Neno "anaweza" limo, kwa hivyo mfungwa wa Shimo la Tewa hawezi kwenda mahakamani kudai asamehewe. Lakini aweza kulalamika kwamba ombi lake halikufikishwa kwa kamati, au kwamba limeshughulikiwa kwa ubaguzi, kwa sababu njia ya kufikia uamuzi imeandikwa hata kama uamuzi wenyewe haukuandikwa. Hapo ndipo tofauti ilipo: matokeo ni ya Rais, njia ni ya sheria.

Ya pili ni hali ya hatari. Kwa Waingereza, kutangaza hatari ilikuwa kiini cha nguvu ya mtawala. Kwetu, Kifungu cha 58 chaipa Mahakama ya Juu kazi ya kuamua kama tangazo lenyewe ni halali, kama kuongezwa muda wake ni halali, na kama sheria au hatua iliyochukuliwa kwa sababu yake ni halali. Tangazo lenyewe halipiti siku 14 bila Bunge kuliongezea muda. Waliotunga Katiba hii walikuwa na sababu ya kuiandika kwa mkazo hivyo. Baadhi yao waliwahi kuwekwa kizuizini bila mashtaka.

Kwa hivyo ukisikia tena kwamba Rais ameamua jambo, tafuta kwanza kama liko kwa maandishi. Kifungu cha 135 chataka kila uamuzi wa Rais katika kazi aliyopewa na Katiba uwe umeandikwa, na uwe na muhuri na saini yake. Tangazo la jukwaani peke yake halitoshi. Kisha fungua kifungu kinachotajwa, usome kitenzi chake. Ukikuta "atateua kwa mujibu wa pendekezo", hana uchaguzi. Ukikuta "kwa idhini ya Bunge", ana uchaguzi wa nusu. Ukikuta "anaweza", uchaguzi ni wake, lakini njia ya kuufikia bado yaulizwa. Usipokuta kifungu chochote, yawezekana hana nguvu hiyo kabisa, na Kifungu cha 258 chakuruhusu wewe, hata kama halikukugusa wewe mwenyewe, kwenda kuuliza.